Anayeshika Sinia Ndiye Anayeshikwa na Sheria

Ndugu wanachama, katika miezi michache iliyopita ofisi yetu imepokea malalamiko ya namna moja kutoka matawi mbalimbali ya wafanyakazi wa hoteli na baa. Mhudumu amekataa kumpa pombe mgeni aliyekwisha kulewa, meneja amemlazimisha ampe, na usiku ulipoharibika, lawama, vipande vya gilasi na bili isiyolipwa vyote vimemwangukia mhudumu. Tumeona yafaa jambo hili tulizungumze waziwazi. Wako wenzetu wengi wanaodhani kwamba kumkatalia mlevi ni ukaidi wa mfanyakazi, kumbe ni wajibu aliowekewa na sheria.

Sheria yenyewe ni ile ya kudhibiti vileo ya mwaka 2010, ambayo wananchi wengi waliizoea kwa jina la Sheria ya Mututho, kwa kuwa mheshimiwa John Mututho, aliyekuwa mbunge wa Naivasha, ndiye aliyeipeleka Bungeni. Watu wakiitaja hukumbuka saa za kufungua na kufunga, na kukatazwa kumuuzia kijana asiyetimiza miaka 18. Husahau kwamba sheria hiyo hiyo inakataza kumuuzia kileo mtu aliyekwisha kulewa, au kumchochea kwa njia yoyote aendelee kunywa. Tena imempa mwenye leseni na watumishi wake uwezo wa kumzuia mlangoni mlevi mwenye fujo au kumtoa nje, na akigoma kutoka, polisi waitwe wamtoe. Kwa Katiba ya mwaka 2010 kazi ya kutoa leseni za vileo imekuwa ya kaunti, na kila kaunti ina kanuni zake. Kwa hiyo kila tawi halina budi kupata nakala ya sheria ya kaunti yake na kuisoma pamoja na ile ya taifa.

Basi sheria ipo. Tunalolalamikia sisi ni kwamba wajibu umewekwa mkononi mwa yule mwenye sinia, lakini uwezo wa kuutimiza umebaki mfukoni mwa meneja. Mambo haya mawili yasipokutana, sheria haimlindi mgeni wala mfanyakazi.

Tutaeleza kisa kimoja. Hoteli hatutaitaja, wala mji wake, kwa kuwa shauri limekwisha malizika na dada yetu angali kazini hapo hapo.

Ni hoteli ya kadiri kando ya barabara kuu, yenye baa, jiko la nyama na vyumba vichache vya kulala. Ijumaa moja, saa kumi na mbili na nusu jioni, aliingia mgeni mmoja, mtu mzima mwenye suti, akaketi peke yake karibu na ukuta na kuweka ufunguo wa gari juu ya meza. Aliagiza bia mbili zifuatane na nusu kilo ya nyama. Dada yetu alimhudumia vizuri. Bia zilipokwisha, mgeni aliagiza chupa ya robo ya pombe kali na soda moja. Kufikia saa mbili na dakika ishirini ile robo ilikuwa imekwisha, na nyama ilikuwa imepoa pale mezani bila ya kuguswa.

Hapa tuingize hesabu kidogo, maana wengi wetu huhesabu chupa badala ya kuhesabu kilevi kilichomo. Chupa ya bia ya nusu lita yenye nguvu ya asilimia 4.2 ina kilevi halisi cha gramu 17 hivi. Chupa ya robo ya pombe kali, yaani mililita 250 zenye nguvu ya asilimia 40, ina gramu 79. Hiyo robo ndogo inayotosha kiganjani ni sawa na bia karibu tano. Mwili wa mtu mzima kwa kawaida huunguza gramu 7 hadi 10 tu kwa saa, na hakuna kahawa, supu wala maji baridi ya kichwani yatakayouharakisha. Supu na maji vinafaa kwa sababu vinajaza nafasi ya pombe na kupitisha wakati, lakini havitoi kilevi kilichokwisha kuingia. Mgeni wetu, kwa muda usiofika saa mbili, alikuwa amekunywa kilevi cha bia karibu saba, na nyama hakuila.

Jambo la pili la kukumbuka ni kwamba kilevi hakipandi kichwani papo hapo. Huchukua nusu saa, pengine saa moja na zaidi, baada ya kunywa ndipo kifike kileleni. Kwa hiyo mgeni unayemtazama sasa anakuonyesha pombe aliyokunywa nusu saa iliyopita. Aliyemaliza robo kwa haraka anaweza kuzungumza nawe kama hakimu, na baada ya dakika arobaini asiweze kusimama. Mhudumu anayengoja mpaka mgeni apepesuke amechelewa, kwa kuwa kilicho tumboni mwake bado kinapanda.

Dada yetu hakungoja. Aliona dalili tatu. Mgeni alimwagiza chumvi, ikaletwa, akaagiza chumvi tena kana kwamba hakuiona. Kisha alitaka kulipa bia za kwanza kwa simu, akakosea nambari yake ya siri mara mbili. Sauti yake nayo, iliyokuwa ya chini, ilianza kupanda akizungumza na watu wa meza ya pili asiowajua. Hakuna hata moja kati ya hizo ambayo peke yake ni ulevi, kwani nani kati yetu hajakosea nambari ya siri? Lakini zilikuja zote kwa mtu mmoja, katika robo saa, baada ya chupa aliyoipeleka mezani yeye mwenyewe. Hayo yanatosha.

Alikwenda kaunta akasema, mgeni wa meza ya ukutani asipewe tena. Mwuzaji wa kaunta akakubali. Akarudi mezani na maji, na mgeni alipoagiza robo ya pili akamwambia kwa adabu kwamba kwa leo imetosha. Mgeni akapiga meza kwa kofi na kumwita meneja.

Meneja alikuja. Hakuuliza mhudumu ameona nini, wala hakuzungumza naye kando. Pale pale mbele ya mgeni na meza zote za jirani alisema, "Mteja ni mfalme. Mpe anachotaka." Toti nne zikamwagwa. Kufikia saa nne mgeni alikuwa amevunja gilasi na kumtukana mlinzi, na bili ya shilingi 2,800 alikataa kuilipa kwa sababu, kwa maneno yake, alikuwa amedharauliwa na mhudumu. Mlinzi na mpishi walimtoa nje wakimshika mikono, akaingia garini mwake akaondoka. Yeye hakufa, wala hakuua mtu, kwa bahati njema tu. Kwa gramu zile, hata saa tatu asubuhi ya siku ya pili damu yake ilikuwa ingali na kilevi.

Mwisho wa mwezi dada yetu alikuta shilingi 2,800 zimekatwa katika mshahara wake pamoja na bei ya gilasi, na barua ya kumtaka ajieleze kwa nini asiachishwe kazi kwa kukaidi amri na kumuudhi mteja.

Tutarudi kwenye barua hiyo. Kwanza tuseme kweli juu ya kazi yenyewe. Mwenzetu alifanya mambo mengi ya haki, lakini yapo aliyoweza kuyafanya kwa namna nyingine, na yeye mwenyewe alituambia hivyo tulipoketi naye. Kumkatalia mlevi ni ufundi kama ulivyo ufundi wa kubeba sahani nne, ila huu haufundishwi. Waliodumu katika baa miaka ishirini wanaujua, na tumewauliza.

Wanasema kazi inaanza mapema, wakati mgeni angali na akili yake. Iwapo ameagiza robo na hajala, mpelekee maji bila ya kuagizwa, na umkumbushe chakula. Akiagiza tena, usikimbie, hudumia meza nyingine kwanza. Usijaze gilasi iliyobaki na pombe chini, mwache aimalize mwenyewe, maana gilasi inayojazwa kila mara huwapoteza hesabu mgeni na mhudumu. Wageni wengi wanaopunguziwa mwendo hivi hawafiki mahali pa kukataliwa, na hata hawajui kwamba walipunguziwa. Hilo ndilo zuri lake, kwani hakuna anayeaibika.

Ikishindikana, na sasa lazima umkatalie, mambo mawili hutangulia kabla hujafungua mdomo. Kwanza ni kuwaambia wenzako wote: wa kaunta, wahudumu wa meza nyingine, mlinzi wa mlangoni na msimamizi wa zamu. Mlevi aliyekataliwa na mmoja hupita kwa mwingine, au humtuma rafiki. Nyumba nzima isipokuwa na neno moja, wewe uliyekataa unaonekana mwenye chuki. La pili ni kuhakikisha hujaja na kinywaji mkononi. Ukifika na toti juu ya sinia kisha ukairudisha, umemnyang'anya, na mtu aliyenyang'anywa hupigana. Vivyo hivyo gilasi ambayo bado imo mkononi mwake usiivute. Mwache amalize kilicho chake, usimwongeze kingine.

Unapomwendea, njoo kwa ubavu wake, si kwa nyuma wala usimsimamie kichwani. Inama kidogo au uketi kitako kama nafasi ipo, ili macho yenu yawe sawa, na uzungumze kwa sauti ambayo meza ya pili haisikii. Hili tunalisisitiza kuliko mengine yote. Mtu hakasirishwi sana na kunyimwa pombe, hukasirishwa na kunyimwa mbele ya watu. Ukimkatalia kwa sauti kubwa umemweka mahali ambapo hawezi kurudi nyuma bila ya kuchekwa. Kama yupo na wenzake, mtafute aliye mzima zaidi kati yao, umwite kando, umwambie, "Kaka, nisaidie na mzee huyu." Mara tisa kati ya kumi, wazoefu wanatuambia, rafiki ndiye atakayemaliza kazi.

Maneno yenyewe yawe machache. Usiseme "umelewa." Neno hilo ni hukumu, na kila mlevi ana rufani tayari. Jiseme wewe mwenyewe na kazi yako. Mmoja wa wazee wetu wa kaunta alitupa mfano wa namna anavyozungumza, nasi tunauweka hapa kama alivyotueleza:

"Mzee wangu, kwa leo mimi siwezi kukuuzia nyingine. Nimekuletea maji, na supu inakuja."

"Unasema nimelewa?"

"Sijasema hivyo, mzee. Nasema mimi siwezi kukuuzia nyingine leo."

"Pesa ninazo!"

"Najua unazo, mzee. Na kesho nitakukaribisha vizuri. Leo siwezi, leseni ya nyumba hii itashikwa."

Tazama anavyofanya. Sababu ni moja, nayo hairudiwi kwa maneno mapya, kwa maana kila sababu mpya ni mlango mpya wa mabishano. Haahidi "ngoja kidogo" wala "labda baadaye," kwa kuwa mlevi atangoja, na baadaye itafika. Anataja leseni, hataji polisi. Polisi wakitajwa mapema, mgeni anasikia kitisho na huanza kuwatisha wengine. Tena anampa kitu cha kushika mahali pa kile alichomnyima: supu, maji, kesho.

Asipotulia, usibishane wala usicheke, hata akisema jambo la kuchekesha. Usimguse. Simama hatua mbili kutoka kwake, mahali ambapo njia yako ya kuondoka haijazibwa na meza au kiti, kisha uondoke umpe nafasi. Kumwacha dakika tano mara nyingi hufanya kazi kuliko kuongeza maneno. Akianza kurusha vitu au kumshika mtu, hapo si kazi ya mhudumu tena. Watu wa meza za karibu wasogezwe, msimamizi aitwe, na polisi waitwe. Tunawaonya pia wale wanaomtuma mlinzi mwenye mabavu tangu mwanzo. Mgeni aliyekuwa anakaribia kukubali supu akimwona mlinzi amemsimamia hujiona amekwisha kushambuliwa.

Liko pia jambo la namna anavyoondoka. Kumkatalia pombe kisha ukamwacha aendeshe gari ni kuhamisha hatari kutoka ukumbini hadi barabarani. Ufunguo usiunyakue, kwani ni mali yake na utazua vita, lakini ukiwa juu ya meza unaweza kumwomba rafiki yake aushike, au kumwambia gari litalala salama mbele ya mlinzi. Mwitie teksi mwenyewe, umwambie dereva anakokwenda. Kuhusu bodaboda tuna neno moja tu: mtu asiyeweza kusimama sawasawa hawezi kujishikilia juu ya pikipiki, hata akilipa mara mbili. Hoteli yenye vyumba na impe chumba.

Na kabla ya hayo yote, uwe na hakika kwamba ni pombe. Mwenye ugonjwa wa sukari iliyoshuka huweza kutetemeka, kutoka jasho, kuropoka na hata kugomba kama mlevi. Aliyepatwa na kiharusi huburura maneno, na aliyegonga kichwa huyumba. Wapo pia watu ambao usemi au mwendo wao ndivyo ulivyo siku zote. Kama ulichompelekea ni kidogo na hali yake ni kubwa, muulize kwa upole kama ni mgonjwa, au kama ana dawa anayotumia, na ukiwa na shaka, ita msaada wa daktari. Na yule aliyelala mezani akikoroma, ukimtikisa haamki, huyo si wa kuachwa "alale ipungue." Alazwe kwa ubavu ili matapishi yasimzibe pumzi, mtu akae naye, na gari la wagonjwa liitwe.

Sasa turudi kwa ile barua ya dada yetu.

Waajiri wengi hufikiri kwamba mfanyakazi akikataa amri ya meneja basi amejifukuza mwenyewe. Sivyo. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 44, inahesabu kuwa kosa kubwa kukataa amri iliyo halali na inayostahili, iliyo ndani ya kazi ya mfanyakazi. Neno la kutazamwa hapo ni "halali." Amri ya kumuuzia kileo mtu aliyekwisha kulewa si halali, kwa kuwa sheria ya vileo imeikataza. Mfanyakazi hakuivunja amri halali kwa sababu amri halali haikutolewa.

Kifungu cha 41 kinasema mwajiri anayetaka kumwachisha mtu kwa kosa lazima kwanza amweleze sababu kwa lugha anayoielewa, na amsikilize akiwa na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama aliyemchagua mwenyewe. Dada yetu alikwenda na mwakilishi wetu. Na juu ya zile shilingi 2,800, kifungu cha 19 kinataja makato yanayoruhusiwa. Hasara ya mali hukatwa ikiwa mfanyakazi aliisababisha kwa makusudi, na upungufu wa fedha hukatwa ikiwa ulitokana na uzembe au udanganyifu wa mtu ambaye mkataba wake umemkabidhi kazi ya kupokea na kutunza fedha. Mgeni kuvunja gilasi si makusudi ya mhudumu. Mgeni kugoma kulipa toti ambazo mhudumu alikataa kuziuza si uzembe wake.

Lakini kilichomwokoa hasa hakikuwa vifungu. Kilikuwa daftari. Mwuzaji wa kaunta alikuwa na desturi ya kuandika katika daftari la zamu, na usiku ule aliandika: saa 2.20, meza ya ukutani, bia 2 na robo 1, ameagiza chumvi mara mbili, sauti juu, mhudumu ameomba asiongezwe. Chini yake: saa 2.35, meneja ameagiza apewe, toti 4. Mistari miwili. Meneja alipoanza kusema kwamba mgeni alikuwa mzima na mhudumu alikuwa na kiburi, daftari liliwekwa mezani. Makato yalirudishwa na barua ikaondolewa katika faili lake.

Tunajiuliza, lau mwuzaji huyo asingekuwa na desturi hiyo? Maana sheria yetu inasema "aliyekwisha kulewa," lakini mhudumu hakupewa kipimo, na neno lake likikutana na neno la meneja linajulikana litakaloshinda. Nchini Nyuzilandi sheria yao ya vileo ya mwaka 2012 imetaja mambo manne ya kutazama: sura ya mtu, mwenendo wake, viungo vyake na usemi wake. Mawili au zaidi yakionekana yameharibika, mtu huyo anahesabiwa amelewa. Hapo hakuna haja ya mashine, na meneja hawezi kusema hakuona. Hatuoni sababu ya kwa nini kipimo rahisi kama hicho kisiandikwe katika kanuni za kaunti zetu, au, kabla ya hapo, katika karatasi moja ukutani nyuma ya kaunta.

Wenye baa watatujibu kwamba biashara ni ngumu, na mgeni aliyekataliwa hatarudi. Tunakiri kwamba wengine hawatarudi. Lakini hesabu ya usiku ule na ifanywe hadi mwisho. Toti nne zilizouzwa kwa amri ya meneja zilikuwa na thamani ya shilingi 600, na kwa ajili ya hizo 600 nyumba ilipoteza bili nzima, gilasi, utulivu wa ukumbi na meza mbili za wageni walioondoka mapema. Zaidi ya hayo iliiweka leseni yake rehani. Na tusiwaache nje wale wanaowalipa wahudumu kamisheni kwa kila chupa ya pombe kali inayotoka. Huwezi kumlipa mtu ili auze zaidi, na mshahara wake wenyewe ukiwa haumtoshi, kisha ukashangaa kwamba hakuona mgeni amelewa. Sheria inakataza kumchochea mlevi anywe, nasi tunasema kamisheni ya namna hiyo ni uchochezi unaopitia mkono wa mfanyakazi.

Kwa hiyo katika mazungumzo yajayo ya mkataba wa maafikiano tutataka kiingizwe kifungu kinachosema hivi: mhudumu akimkatalia mgeni kwa dalili zilizoandikwa, hakuna msimamizi atakayeutengua uamuzi huo mpaka zamu iishe. Bili ya mgeni aliyekataliwa isikatwe katika mshahara wa yeyote. Daftari la zamu liwe mali ya baa nzima, lenye kurasa zenye nambari, na mwakilishi wa wafanyakazi awe na haki ya kulisoma na kupata nakala. Meneja anayetaka mgeni aongezwe na amhudumie mwenyewe, kwa mkono wake na kwa sahihi yake.

Wanachama walio na visa vya namna hii wavilete kwa makatibu wa matawi yao kabla ya mwisho wa mwezi ujao, vikiwa na tarehe, saa, vinywaji vilivyoagizwa na jina la aliyekuwa msimamizi wa zamu. Waliokatwa mshahara walete na hati ya malipo ya mwezi huo. Majina yao hatutayatoa.